Ukolezi wa asidi usiojulikana: kusoma upya picha za bureti katika jedwali la titraji

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinawahusu wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho wa sekondari, upande wa biolojia na kemia, katika shule moja ya Lubumbashi. Majina yao, jina la shule na jina la maabara waliyoitumia yameondolewa. Shule yao haina maabara ya kutosha, kwa hiyo walipewa nafasi ya alasiri moja katika maabara ya taasisi nyingine, pamoja na chupa ya asidi ya salfuriki iliyokwisha kuchanganywa na maji mengi. Walijua ni asidi gani, lakini ukolezi wake hawakuambiwa, na kazi yao ilikuwa kuutafuta kwa njia ya titraji, yaani kuidondoshea asidi besi yenye ukolezi unaojulikana hadi asidi yote imalizwe.

Katika mkoa wetu kazi hii si zoezi la darasani tu. Asidi ya salfuriki ndiyo inayotumika kuyeyusha shaba na kobalti kutoka katika mawe ya madini, na wengi wa vijana hawa wanatamani kuajiriwa katika maabara za viwanda, ambako mtu hupima ukolezi wa asidi kila siku na wenzake huitegemea namba aliyoandika.

Besi yao ilikuwa haidroksidi ya sodiamu ya 0.100 mol/L, ambayo fundi wa maabara alikuwa ameihakiki asubuhi ya siku hiyo kwa asidi ya oksaliki. Waliijaza katika bureti ya mililita 50. Kila mara walichukua mililita 20.0 za asidi kwa pipeti, wakazitia katika erlenmeya na kuongeza matone machache ya fenoftalini, ambayo haina rangi ndani ya asidi na hugeuka waridi besi inapozidi kidogo. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, waliamua kuipiga bureti picha kwa simu kabla na baada ya kila jaribio, wakaandika namba haraka haraka kwenye karatasi, na jedwali wakalikamilisha nyumbani.

Mwalimu wao aliniletea jedwali pamoja na picha kwa sababu namba zilikataa kupatana. Mimi pia nafundisha kemia, na kazi tuliyoifanya pamoja ndiyo ninayoieleza hapa.

Jedwali kama lilivyoletwa

| Jaribio | Mwanzo (mL) | Mwisho (mL) | Ujazo uliotumika (mL) |
|---|---|---|---|
| 1 | 0.00 | 24.30 | 24.30 |
| 2 | 0.40 | 23.95 | 23.55 |
| 3 | 1.75 | 26.65 | 24.90 |
| 4 | 0.20 | 23.40 | 23.20 |

Wanafunzi walichukua wastani wa majaribio yote manne wakapata 23.99 mL. Kisha walitumia kanuni waliyoizoea, ya kuzidisha ukolezi kwa ujazo upande wa besi na kuulinganisha na ukolezi mara ujazo upande wa asidi, wakapata 0.120 mol/L. Mmoja wao alikumbuka baadaye kwamba molekuli moja ya asidi ya salfuriki humaliza molekuli mbili za haidroksidi ya sodiamu, wakagawanya kwa mbili na kupata 0.0600 mol/L. Hapo waliridhika. Namba ilikuwa nzuri, imekaa sawasawa, na kila mmoja aliamini kwamba mtu aliyeandaa asidi alikusudia hivyo hivyo.

Kilichomtia mashaka mwalimu wao ni nafasi kubwa kati ya 23.20 na 24.90. Katika titraji iliyofanywa vizuri, majaribio mawili au matatu hayapaswi kutofautiana kwa zaidi ya 0.10 mL, ilhali hapa tofauti ilifika 1.70 mL. Wastani wa namba zinazopishana kiasi hicho hausemi lolote kuhusu asidi, hata ukitoa tarakimu nzuri.

Mfuatano wa yaliyotokea

Jambo la kwanza lilikuwa kujua kila picha ni ya jaribio gani. Picha zilikuwa zimetumwa kwa WhatsApp, zikafika zikiwa zimepoteza majina yake ya awali na saa zilipopigwa, na zaidi ya hapo zilikuwa zimebanwa hata mistari midogo ya bureti ikawa ukungu. Tuliomba simu yenyewe. Ndani yake picha zilikuwa na saa kamili, na zikipangwa kwa saa zilijitokeza jozi nne, kila jozi ikiwa na picha ya mwanzo na ya mwisho, na kati ya jozi na jozi picha ya erlenmeya yenye rangi iliyofikiwa.

Kisha mimi na mwalimu tulizisoma picha zote nane, kila mmoja peke yake, jedwali likiwa limefunikwa. Tulifanya hivyo kwa makusudi, kwa maana jicho likishaona 23.95 kwenye karatasi, hulitafuta 23.95 kwenye kioo na kulipata. Tulipomaliza ndipo tukalinganisha usomaji wetu sisi wawili, halafu tukafunua jedwali.

Jaribio la 1 halikuwa na ubishi wa usomaji. Picha zilionyesha 0.00 na 24.30 kama walivyoandika. Lakini picha ya erlenmeya ilionyesha waridi iliyokolea, karibu zambarau, ilhali mwisho sahihi ni waridi hafifu sana inayodumu kama nusu dakika ukitikisa chupa. Kwa hiyo besi ilipita kiasi. Hilo ni la kawaida kwa jaribio la kwanza, ambalo kazi yake ni kukadiria tu mwisho uko wapi ili baadaye ujue wakati wa kuanza kudondosha tone moja moja.

Jaribio la 3 ndilo lililotufunza zaidi. Picha ya mwisho ilikuwa safi, imepigwa usawa wa kimiminika, na ilionyesha sehemu ya chini ya mkunjo wa uso wa besi ikiwa kati ya mstari wa 25 na mstari wa 26. Ukihesabu kutoka 25 kwenda chini, ilikuwa imepita mistari midogo mitatu na nusu, yaani 25.35. Jedwali lilisema 26.65. Tulimwita mwanafunzi aliyesoma, tukamwonyesha picha, tukamwomba asome tena mbele yetu bila kumwambia kuna nini. Aliweka kidole kwenye 26, akahesabu mistari kwenda juu hadi kwenye mkunjo, akafika sita na nusu, akasema tena 26.65.

"Mwalimu, namba kubwa iko chini, nami nimeanzia chini kama kwenye silinda," alieleza.

Maelezo yake yalikuwa wazi. Katika silinda ya kupimia, sufuri iko chini na namba hupanda pamoja na kimiminika. Katika bureti sufuri iko juu, kwa kuwa bureti hupima kilichotoka, si kilichobaki. Kijana alikuwa anaisoma bureti kwa mwelekeo wa silinda. Usomaji wa mwanzo wa jaribio hilo, 1.75, ulifanywa na mwenzake, na picha iliuthibitisha.

Jaribio la 4 lilikuwa na shida ya namna nyingine. Namba za jedwali zilifanana na zile tulizosoma sisi kwenye picha, 0.20 na 23.40, lakini picha zenyewe hazikupigwa usawa. Mistari ya mililita kamili kwenye bureti ile huzunguka kioo chote, na kamera ikiwa sawa na mstari, upande wa mbele na wa nyuma wa duara hilo huungana na kuonekana mstari mmoja. Katika picha ya mwisho, upande wa nyuma wa duara ulionekana juu ya upande wa mbele, dalili kwamba kamera ilikuwa juu ikiangalia chini. Katika picha ya mwanzo hali iligeuka, kamera ilikuwa chini ikiangalia juu. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba katika jaribio hilo la mwisho mpigaji picha alibaki amekaa kwenye kiti chake. Sehemu ya juu ya bureti ilikuwa juu ya kichwa chake, na sehemu ya chini ilikuwa chini ya kifua chake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurekebisha jaribio la 3. Tulibadilisha 26.65 kuwa 25.35, na ujazo ukawa 23.60 mL. Hatukufanya hivyo kwa sababu 23.60 iko karibu na 23.55 ya jaribio la 2. Tulifanya hivyo kwa sababu picha iliyopigwa usawa ilikuwa mbele yetu, wasomaji wawili waliisoma 25.35 bila kuona jedwali, na chanzo cha kosa kilijulikana hata kikaonyeshwa upya mbele yetu. Namba ya zamani haikufutwa. Ilipigwa mstari mmoja, ikaachwa isomeke, na kando yake ikaandikwa namba mpya pamoja na sababu.

Uamuzi wa pili, uliokuwa mgumu zaidi, ulihusu jaribio la 4. Mwalimu alipendekeza kwamba kwa kuwa tunajua kamera iliinama, tungeweza kukadiria pembe na kusahihisha. Hesabu yenyewe si ngumu. Bureti ya aina hii ina tundu la upana wa milimita 11 hivi, na mililita moja hukaa katika urefu wa milimita 10 na nusu hivi. Mkunjo uko katikati ya tundu, mistari iko kwenye uso wa kioo, kwa hiyo kamera ikiinama kwa digrii 20, mstari unaolingana na mkunjo husogea kama milimita 2, yaani takriban 0.2 mL. Ikitazama kutoka juu, namba inayosomwa ni ndogo kuliko ya kweli. Ikitazama kutoka chini, namba ni kubwa kuliko ya kweli.

Hapo ndipo tulipoona kwa nini 23.20 ilikuwa ndogo mno. Usomaji wa mwanzo ulizidishwa na usomaji wa mwisho ukapunguzwa, na ukitoa cha kwanza kwenye cha pili, makosa yote mawili huvuta upande mmoja. Kama kamera ingeinama vilevile katika picha zote mbili, makosa yangefutana na tofauti ingebaki karibu sahihi. Kukaa mahali pamoja huku kimiminika kikishuka ndiko kulikoharibu.

Hata hivyo tulikataa kusahihisha. Pembe tungeikadiria kwa macho, na kosa la digrii chache tu lingehamisha jibu kwa kiasi kile kile tunachotaka kukipima. Zaidi ya hapo, tayari tulijua majaribio mengine yalielekea wapi, na mtu anayechagua pembe akiwa anajua jibu analolitaka atalipata. Jaribio la 4 likaachwa nje, na sababu ikaandikwa, kwamba picha zote mbili hazikupigwa usawa wa kimiminika. Jaribio la 1 nalo likaachwa nje kwa sababu ya rangi. Sababu zote mbili ziliandikwa kabla hesabu yoyote mpya ya ukolezi haijafanywa.

Kulikuwa na jambo la tatu, dogo, katika jaribio la 2. Picha ya mwisho ilikuwa na mwako wa dirisha uliochora mkunjo wa pili chini kidogo ya ule wa kweli. Mimi nilisoma 23.95, mwalimu 24.00. Tulipofunua jedwali tulikuta 23.95, na tukaibakiza. Aliyesoma pale maabara aliweza kusogeza kichwa na kuona mwako unahama huku mkunjo ukibaki palepale, jambo ambalo picha haiwezi kulifanya. Picha si hakimu wa mwisho katika kila hali. Kwenye jaribio hili, jicho lililokuwepo lilistahili kuaminiwa zaidi.

Hesabu

Yalibaki majaribio mawili, 23.55 na 23.60 mL, yanayotofautiana kwa 0.05 tu. Wastani wake ni 23.575, nasi tukautumia bila kuupunguza tarakimu hadi mwisho.

H₂SO₄ + 2 NaOH → Na₂SO₄ + 2 H₂O

Moli za besi: 0.100 × 0.023575 = 0.0023575 mol

Moli za asidi: 0.0023575 ÷ 2 = 0.00117875 mol

Ukolezi wa asidi: 0.00117875 ÷ 0.0200 = 0.0589 mol/L

Kwa kuwa moli moja ya asidi ya salfuriki ina gramu 98.08, hii ni sawa na gramu 5.78 katika lita moja.

Tuliwataka wanafunzi wapitie kwenye moli badala ya ile kanuni ya kuzidisha na kulinganisha. Kanuni hiyo hufaa pale tu molekuli moja ya asidi inapomaliza molekuli moja ya besi, na kwa asidi hii hutoa jibu lililo mara mbili ya ukweli. Ukiandika mstari wa moli za asidi, mbili ya mlinganyo haina pa kujificha.

Matokeo

Wiki iliyofuata wanafunzi walirudi katika maabara ile, wakakuta chupa ile ile ya asidi imefungwa vizuri, pamoja na besi iliyohakikiwa upya na fundi na kukutwa bado 0.100 mol/L. Safari hii simu iliwekwa kwenye kibanio cha stendi ya pili, na ilipandishwa au kushushwa kila usomaji hadi duara la mstari ulio karibu lionekane mstari mmoja. Nyuma ya bureti walishika kadi nyeupe yenye nusu nyeusi, ukingo wa weusi ukiwa chini kidogo ya mkunjo, ili mkunjo utokeze na mwako wa dirisha upungue. Baada ya jaribio la kukadiria walipata 23.55, 23.60 na 23.55 mL. Wastani ni 23.57 mL, na ukolezi ni 0.0589 mol/L, sawa na tulioupata kwenye picha za zamani.

Uchambuzi

Ni vyema kutazama makosa haya kwa uzito wake. Kusahau mbili ya mlinganyo kuliongeza jibu maradufu. Makosa yote ya usomaji, yakichanganywa katika wastani wa majaribio manne, yaliongeza jibu kutoka 0.0589 hadi 0.0600, yaani chini ya asilimia 2. Mtu anaweza kusema basi kwamba usomaji si kitu. Mimi naona kinyume. Kosa la mara mbili mtu huligundua kwa kufikiri tu, akiwa na karatasi. Kosa la asilimia 2 haligunduliki kwa kufikiri, na hapa lilijificha nyuma ya namba ya duara iliyompendeza kila mtu. Lilikuwa dogo kwa bahati tu, kwa kuwa 24.90 ilivuta juu na 23.20 ikavuta chini.

Kosa la jaribio la 3 lina tabia ambayo kila mwalimu anayesahihisha majedwali anapaswa kuijua. Mtu akianzia namba kubwa iliyo chini na kuhesabu kwenda juu, ukubwa wa kosa hutegemea mkunjo uko wapi kati ya mistari miwili mikubwa. Mkunjo ukiwa kwenye 25.35, kosa ni 1.30 na linaonekana mara moja. Ukiwa kwenye 25.95, mwanafunzi huyo huyo angeandika 26.05, kosa la 0.10 tu, na jaribio lingepita kama zuri. Kwa hiyo jedwali ambalo usomaji mwingi unapatana, lakini mmoja unaruka kwa zaidi ya mililita moja, linatuambia tukague usomaji wote wa mtu yule, si ule mmoja ulioruka. Tulifanya hivyo hapa. Alikuwa amesoma mara moja nyingine tu, ule mwanzo wa jaribio la 1, kimiminika kikiwa kwenye sufuri kamili ambako hakuna cha kuhesabu.

Kusoma picha bila kuona jedwali kulifaa sana, na ni kazi ya dakika chache. Kulitupa pia kipimo cha kweli cha mashaka yetu. Kati ya picha nane, wasomaji wawili walitofautiana katika moja, kwa 0.05 mL. Ikiwa kila usomaji una shaka ya 0.05, basi tofauti ya usomaji wa mwanzo na wa mwisho inaweza kupotoka kwa 0.10 katika hali mbaya kabisa, ambayo ni kama sehemu 4 katika 1,000 za ujazo huu. Ndiyo sababu tuliandika 0.0589 tukieleza kwamba tarakimu ya mwisho inayumba. Kama tungemfuata mwalimu na 24.00 yake, jibu lingekuwa 0.0590.

Kilichoshindikana tangu mwanzo ni mpangilio wa maabara yenyewe. Bureti ilifungwa juu ya meza ndefu, hivyo hakuna aliyeweza kuona sufuri bila kusimama juu ya kitu. Kuishusha stendi sakafuni wakati wa kujaza na kusoma mwanzo, kisha kuirudisha mezani, kungemsaidia mpigaji picha kuliko onyo lolote la kwamba asome usawa. Vilevile, picha ya erlenmeya iliyopigwa kila jaribio ilitupa sababu halali ya kuliacha jaribio la 1, na bila hiyo tungebaki na namba ya 24.30 isiyo na maelezo. Picha hiyo ingekuwa bora zaidi kama erlenmeya ingewekwa juu ya karatasi nyeupe kila mara, kwa sababu katika jaribio la 3 ilikaa juu ya meza ya mbao na waridi yake ilikuwa ngumu kupima.

Kuna mpaka mmoja ambao picha za bureti haziwezi kuuvuka. Hesabu yote imesimama juu ya ile 0.100 ya besi. Haidroksidi ya sodiamu hunywa dioksidi ya kaboni kutoka hewani na nguvu yake kwa fenoftalini hupungua taratibu. Kama ingekuwa imeshuka hadi 0.098, majaribio yote yangepatana vizuri vilevile, picha zote zingekuwa safi, na ukolezi wa asidi bado ungeandikwa juu kuliko ulivyo kwa asilimia 2. Mpatano wa 23.55 na 23.60 unathibitisha usomaji tu. Besi inathibitishwa na daftari la fundi wa maabara, na nakala ya ukurasa huo wa uhakiki kwa asidi ya oksaliki sasa imebandikwa pamoja na jedwali.